Diski inataka kufomatiwa: umwandikie fundi nini

"Diski yangu ya nje nikiichomeka inadai niifomati. Nimemwambia fundi data zimepotea, ananirudishia maswali kibao. Nimweleze vipi anielewe mara moja?"

Kwa fundi, "data zimepotea" inaweza kuwa faili zilizofutwa, mpangilio wa faili ulioharibika, au diski yenyewe inayokufa. Hiyo ya mwisho haivumilii kuwashwawashwa. Kwa hiyo mpe ulichokiona na kukisikia, dhana weka kando. Ujumbe wa kwenye skrini unakili kama ulivyo, kisha ubonyeze Cancel.

Sauti ndiyo ya kwanza kutaja. Ikigonga tak-tak, ichomoe papo hapo na usiichomeke tena hata kwa ajili ya kumrekodia fundi, maana kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani. Ikiwa inazunguka kimya, bonyeza Win+R, andika `diskmgmt.msc` kufungua Disk Management, uangalie ukubwa unaoonyeshwa. Ukubwa ukiwa sahihi na pameandikwa RAW, kompyuta bado inaitambua diski, na yaelekea kilichovurugika ni mpangilio wa faili. Diski ya 1 TB husomeka kama 931 GB. Usiseme GB 69 zimeibwa, ni namna tu Windows inavyohesabu. Ukubwa ukiwa wa ajabu, au diski isipoonekana kabisa, sema hivyo hivyo. Ikiuliza Initialize, kataa.

Jambo ambalo wengi hulificha ni walichofanya baada ya tatizo. Litaje, hata kama linakuaibisha. Mtu akiendesha programu ya kurejesha faili na kuzihifadhi kwenye diski ile ile, ameandika juu ya kile anachokitafuta. Amri ya Windows ya kukagua diski, `chkdsk`, nayo ikipita, vipande vya faili vinaweza kuishia kwenye folda `FOUND.000` kwa majina kama `FILE0000.CHK`, na fundi asiyeambiwa atapoteza muda akitafuta majina ya zamani.

Ujumbe unaotosha ni kama huu:

"Diski ya nje ya sahani, 1 TB, USB, NTFS. Jumanne jioni ilichomolewa ikiwa katikati ya kunakili. Tangu hapo Windows 11 inadai kuifomati. Disk Management inaonyesha 931 GB, RAW. Inazunguka, haigongi. Niliendesha `chkdsk E: /f` mara moja, ikajibu kuwa haifanyi kazi kwenye RAW. Sijaifomati wala kuandika chochote. Haina BitLocker. Ninachotaka kwanza ni folda `Hesabu_2023`, faili za `.xlsx`. Picha zina nakala kwingine."

Hizo sentensi mbili za mwisho si pambo. Diski ikianza kuzorota kazini, fundi atajua avute nini kabla haijakata kabisa. Na kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, ipo, tafuta mapema ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwa sababu bila ufunguo au nenosiri lake hata diski iliyosomwa yote haitafunguka.