Maswali na majibu: Prosesa ikiacha kuwa mchukuzi wa diski

Kompyuta yangu ya zamani, yenye diski ya kebo bapa, inaganda kila nikinakili faili kubwa. Hata mshale wa kipanya unarukaruka. Kunakili ni kazi ya diski, sasa prosesa inaingiaje?

Inaingia kwa sababu huenda ndiyo inayobeba kila baiti. Diski za aina hiyo, zinazoitwa IDE, zina njia mbili za kukabidhi data. Ya kwanza inaitwa PIO. Kidhibiti cha diski kinaiweka data mlangoni, kwenye anwani `0x1F0`. Prosesa inasoma baiti mbili, inaziandika kwenye memori, inarudi mlangoni kuchukua mbili nyingine. Sekta moja ya diski ina baiti 512, kwa hiyo sekta moja tu ni safari 256.

Sasa chukua faili la gigabaiti 1, yaani baiti 1,073,741,824. Hizo ni sekta 2,097,152, na safari 536,870,912. Katika PIO ya daraja la 4, kila safari haiwezi kuchukua chini ya nanosekunde 120. Zidisha, unapata sekunde 64 na ushei, hata kama diski yenyewe ingeweza kutoa data haraka zaidi. Kinachouma ni kwamba prosesa ya gigahezi 2 hupiga mapigo 240 ndani ya hizo nanosekunde 120, na karibu yote yanapotea ikiwa imesimama mlangoni ikingoja baiti zake mbili. Mshale wako unaruka kwa sababu wa kuusogeza yuko safarini.

Njia ya pili ni DMA, yaani kifaa kuingia kwenye memori chenyewe bila kupitia mikononi mwa prosesa. Hapo prosesa inatoa maagizo tu: anza sekta fulani, chukua idadi hii, peleka memori sehemu hii, ukimaliza niite. Kisha inarudi kwenye shughuli zake. Amri moja ya READ DMA ya enzi hizo iliweza kuagiza hadi sekta 256, yaani kilobaiti 128, kwa hiyo gigabaiti nzima ni amri 8,192. Tuseme kila amri, kuiandaa na kuipokea ikiisha, inaila prosesa mikrosekunde 20. Jumla yake haifiki hata robo ya sekunde. Diski ikitoa megabaiti 50 kwa sekunde, kazi itachukua sekunde 21 na nusu hivi, na muda wa prosesa uliotumika haufiki asilimia 1 ya hizo.

Nitajuaje kama diski yangu imerudi kwenye PIO bila mimi kuambiwa?

Kwenye Linux, uliza kernel ilikubaliana nini na diski wakati wa kuwaka:

```
dmesg | grep -i 'configured for'
```

Ukiona `configured for UDMA/133` au namba nyingine baada ya `UDMA/`, diski inatumia DMA, uko salama. Ukiona `configured for PIO4`, umempata mwizi wako. Kwenye Windows XP fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za chaneli ya IDE, usome Current Transfer Mode.

XP ilikuwa na tabia moja iliyowasumbua wengi. Diski ikichelewa kujibu au data ikifika na hitilafu mara sita kwa jumla, hata kama makosa hayo yametawanyika kwa muda mrefu, mfumo ulishusha kasi ngazi moja, na ukiendelea hivyo hatimaye unatua kwenye PIO. Haukupanda tena wenyewe. Dawa ilikuwa kuifuta chaneli hiyo ndani ya Device Manager na kuwasha upya, ili mfumo uitambue kama ngeni.

Lakini usifute kabla ya kutafuta chanzo. Mimi niliwahi kumaliza wiki nzima nikiituhumu diski ambayo haikuwa na kosa. Kebo ndiyo iliyokuwa mbovu: mtu alikuwa ameweka ile ya nyaya 40 mahali panapohitaji ya nyaya 80, na kasi za juu ya UDMA/33 haziivumilii. Tazama `smartctl -A /dev/sda`, mstari wa 199, `UDMA_CRC_Error_Count`. Namba hiyo ikipanda huku hesabu ya sekta mbovu imetulia, shuku kebo au soketi zake kwanza. Haishuki hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo iandike pembeni, kisha uone kama inaongezeka.

Faili langu likisomwa halikai sehemu moja ya memori, kurasa zake zimetapakaa huku na huku. Kama prosesa haimo, kidhibiti kinajuaje kila kipande kiende wapi?

Kinasoma jedwali ambalo draiva imelichora kwenye memori kabla ya kazi kuanza. Kwenye vidhibiti vya IDE kila mstari wa jedwali una baiti 8: baiti nne za anwani halisi ya memori, mbili za urefu wa kipande, na mwishoni biti moja ya kusema "huu ndio mstari wa mwisho". Kwa uhamisho wetu wa kilobaiti 128, kama kila ukurasa una kilobaiti 4 na hakuna miwili iliyopakana, jedwali litakuwa na mistari 32. Ni baiti 256 tu za maelezo, na zinaongoza kilobaiti 128 za mzigo.

Draiva inaandika anwani ya jedwali kwenye rejista ya kidhibiti, inatuma amri `0xC8` kwa diski, kisha inawasha biti ya kuanza. Kuanzia hapo kidhibiti kinashika basi, ile njia ya kupitishia data, chenyewe, kinashusha kipande cha kwanza, kinasogea mstari wa pili, mpaka mwisho. Kikimaliza kinatuma intarapti, ile ishara ya kuikatiza prosesa, na draiva inasoma hali ya kazi: imefaulu, au kuna kosa.

Anwani za jedwali ni zile halisi za memori, si zile programu inazoziona, na kidhibiti hakihoji. Draiva ikikosea mstari mmoja, kilobaiti 4 za filamu yako zinaandikwa juu ya kitu kingine, labda data ya kernel yenyewe, na kompyuta inakufa dakika kumi baadaye mahali pasipohusiana kabisa. Ndiyo maana kompyuta za siku hizi huweka IOMMU katikati. Inakagua kila anwani inayotoka kwenye kifaa, na isiyoruhusiwa inazuiwa.

DMA ni uvumbuzi wa juzi?

Hapana. IBM PC ya 1981 ilikuwa na chipu ya DMA, Intel 8237, yenye chaneli nne, na diski kuu ya PC XT ya 1983 iliitumia chaneli namba 3. Kisha ikaja PC AT ya 1984 ikarudi kwenye PIO, kwa sababu prosesa yake ya 286 ilibeba haraka kuliko ile chipu kongwe. DMA ilirudi kwenye diski za IDE miaka ya 1990, pale vidhibiti vilipoanza kushika basi vyenyewe badala ya kumtegemea mchukuzi wa pamoja.

Kama DMA inaipumzisha prosesa, mbona `vmstat 1` inanionyesha `wa` 40 nikisoma faili kubwa?

Kwa sababu `wa` ni muda ambao prosesa ilikuwa haina la kufanya huku kuna kazi inayongoja diski. Si muda wa kazi. Ungefungua programu nyingine yenye hesabu nzito wakati huohuo, sehemu kubwa ya hiyo 40 ingehamia `us`, muda wa programu, na usomaji wa diski usingepungua sana. Namba ya kukutia wasiwasi ni `sy`, muda wa kernel. Kwenye PIO ndiyo inayofura.

Hata hivyo usitegemee `sy` iwe sifuri. DMA inashusha data kwenye kumbukumbu za kernel, na ukisoma faili kwa njia ya kawaida, prosesa inainakili tena hadi kwenye eneo la programu yako. Kubeba huko DMA ya diski haikuondoi. Diski ikiwa imesimbwa, prosesa ina kazi nyingine ya kufungua fumbo la kila sekta baada ya DMA kumaliza. Kuona tofauti, soma diski mara mbili huku `vmstat 1` ikikimbia dirisha la pili:

```
dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M count=1024
dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M count=1024 iflag=direct
```

Amri zote mbili zinasoma tu, ila zinataka ruhusa ya msimamizi, na chunga usikosee herufi kwenye `of=`. Ya pili inaiambia kernel ishushe data moja kwa moja kwenye eneo la `dd`, bila nakala ya katikati. Ile ya kawaida usiiamini ukiirudia, maana inaweza kusoma kutoka memori na kukudanganya kuwa diski ina mbio za ajabu.

Naandika draiva ya kadi ya kuhifadhia kwenye bodi ya ARM. Uhamisho unaisha vizuri, intarapti inafika, lakini mara nyingine nakuta data ya zamani kwenye bafa. Kwenye PC msimbo uleule haukosei. Kifaa ni kibovu?

Kifaa ni kizima. Kimeandika memorini, nawe unasoma kachi. Prosesa ilikuwa imeshaweka nakala ya bafa hiyo kwenye kachi yake, na DMA ilipobadilisha memori, kachi haikupata habari. Kwenye PC maunzi yenyewe huchungulia kila uandishi wa kifaa na kuifuta nakala iliyochakaa. Bodi nyingi za ARM hazifanyi hivyo, kazi ni ya draiva:

```c
dma_addr_t a = dma_map_single(dev, buf, len, DMA_FROM_DEVICE);
if (dma_mapping_error(dev, a))
    return -ENOMEM;
/* anzisha uhamisho, subiri intarapti */
dma_unmap_single(dev, a, len, DMA_FROM_DEVICE);
/* soma buf kuanzia hapa tu */
```

Kati ya hizo amri mbili bafa ni mali ya kifaa. Usiiguse hata kwa kuchungulia, maana kuchungulia kwenyewe kunaweza kuirudisha nakala ya zamani kwenye kachi.

Ukishafanya hivyo na baiti chache za mwanzo au mwisho bado zinaharibika, angalia bafa inapokaa. Kachi hufanya kazi kwa mistari, mara nyingi ya baiti 64. Bafa ikiwa ndani ya `struct` na jirani yake ni kihesabio unachokiongeza wakati uhamisho unaendelea, vyote viwili vinaweza kuangukia mstari mmoja. Kihesabio kikirudishwa memorini kinaburuta na baiti za zamani za bafa, zinafunika zile mpya kutoka kwenye kadi. Iombe bafa peke yake kwa `kmalloc`, iache `struct` ibebe kielekezi tu.