Moja kwa kumi au moja kwa kumi na moja? Kuzimua mmumunyo sanifu wa floraidi

Wanaoishi miteremko ya Mlima Meru hawahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Wanaijua kwa meno ya kahawia ya watoto waliokulia kwenye maji ya chemchemi na visima vya huko. Nimepima maji ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya halikutokea kwenye mashine wala kwenye sampuli. Lilitokea asubuhi, nikiwa peke yangu na pipeti, nikiandaa chupa sanifu za kusawazishia kipimo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa hiyo kisima chenye 1.4 na kisima chenye 1.8 vinapewa majibu tofauti kabisa, na kamati ya maji ya kijiji itaamua kwa kufuata namba uliyoandika. Elektrodi ya floraidi, kifaa tunachopimia, yenyewe haijui miligramu. Inatoa milivolti tu, na zinageuzwa kuwa miligramu kwa kulinganishwa na chupa ambazo ukolezi wake unaujua. Ukiwa umedanganyika juu ya chupa hizo, elektrodi itaurudia udanganyifu huo kwa uaminifu wote.

Siku hiyo nilianza na mmumunyo mama wa miligramu 1000 kwa lita. Nilitaka kushuka hadi 100, kisha 10, kisha 1, kila hatua mara kumi. Hakuna anayeruka moja kwa moja kutoka 1000 hadi 1, kwa sababu katika chupa ya mililita 100 ungehitaji kuchukua mililita 0.1 tu, na tone moja dogo lililobaki kwenye ncha lingeharibu hesabu yote. Ndiyo maana tunazimua kwa hatua: kila mara unachukua mililita 10, kiasi ambacho pipeti nzuri ya kioo inakipima kwa kosa la takriban 0.02 tu.

Flaski za ujazo za mililita 100, zile zenye shingo nyembamba na alama moja, zilikuwa zimechukuliwa kwa kazi nyingine. Nikatumia silinda ya kupimia. Nilipima maji mililita 100, nikayamimina kwenye bika ya plastiki, nikaongeza mililita 10 za mmumunyo, nikakoroga. Nikaandika daftarini: "1/10". Nikarudia mara mbili zaidi.

Ukitazama vizuri utaona nilichofanya. Mililita 10 ndani ya maji 100 zinatoa jumla ya 110. Sikuzimua mara kumi, nilizimua mara kumi na moja. Chupa niliyoiandika 100 ilikuwa na 90.9. Ya 10 ilikuwa na 8.26. Ya 1 ilikuwa na 0.751, robo nzima pungufu, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza linabebwa hadi ya pili na kuzidishwa, halafu hadi ya tatu. Mmumunyo mama ungekuwa sahihi kiasi gani, usingesaidia.

Hakuna kilicholalamika. Elektrodi hii inashuka kwa milivolti zilezile kila ukolezi unapopanda mara kumi. Kinadharia, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hatua hiyo ni milivolti 59.2, na elektrodi yetu ilizoea kutoa kama 57. Siku hiyo ilitoa 59.4 kati ya 100 na 10, na karibu hiyohiyo kati ya 10 na 1. Mstari ulinyooka kama uzi. Nilifurahi, nikadhani elektrodi imepata nguvu baada ya kusafishwa. Kumbe kila pengo lilikuwa refu kwa sababu kila hatua ilikuwa ya mara kumi na moja, na kwa kuwa nilikosea kwa namna moja kila mara, mapengo yote yalirefuka kwa usawa. Mstari ulionyooka unaonyesha kwamba umefanya jambo lilelile kila hatua, basi. Kama jambo lenyewe lilikuwa sahihi, hauwezi kukuambia.

Sampuli ya kisima ikasoma 1.82.

Kilichoniokoa ni chupa ya uhakiki. Fundi wetu mkuu, mama mmoja mtulivu aliyeanza kazi hii kabla sijajua kusoma, alikuwa na kawaida ya kuandaa chupa moja ya miligramu 1.00 kutoka chumvi ya kopo jingine, kwa mkono wake na kwa flaski zake. Hakuna aliyeruhusiwa kutoa majibu kabla chupa hiyo haijasomwa. Nilipoisoma ilitoa 1.32. Hakupandisha sauti. Alisema, "Hebu nionyeshe ulivyofanya, si kwa maneno, kwa mkono." Nikachukua silinda, nikapima maji 100. Kabla sijagusa pipeti akasema, "Basi, mwanangu. Maji yanakuja mwisho."

Maneno hayo matatu ndiyo ushauri wangu wa kwanza. Mmumunyo unatangulia, mililita 10 ndani ya flaski tupu, kisha maji yanajazwa *hadi* kufikia alama ya 100. Flaski ya ujazo ipo kwa ajili hiyo. Sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa uso wa maji iguse mstari, jicho likiwa usawa nao. Kisha funga na upindue flaski juu chini angalau mara kumi na tano, ukisubiri kiputo cha hewa kipande hadi mwisho kila mara. Shingo ile nyembamba inaficha maji ambayo hayajachanganyika, na ukichota haraka kwa ajili ya hatua inayofuata utachota ukolezi usioujua.

Ushauri wa pili unahusu daftari. "1/10" haikuwa kumbukumbu ya nilichofanya, ilikuwa nia yangu. Laiti ningeandika "10 ndani ya maji 100", mtu mwingine angeona kosa kwa kusoma tu, na tungeweza kukokotoa upya ukolezi wa kweli wa kila chupa bila kumwaga kitu. Sasa naandika chupa ya chanzo, mililita nilizochukua na ujazo wa mwisho, na ukolezi nauacha utokane na hesabu.

Hesabu hiyo naianza kutoka kwenye mizani, si kutoka kwenye namba ninayoitamani. Ili kupata 1000 kamili unahitaji gramu 0.2210 za floraidi ya sodiamu, iliyokaushwa kwa saa mbili kwenye nyuzi 105 na kupozwa pakavu, katika mililita 100. Ni nadra mizani kukupa 0.2210. Mara ya mwisho ilinipa 0.2236, nami sikuhangaika kupunguza punje. Floraidi ni sehemu 0.4525 ya uzito wa chumvi hiyo, kwa hiyo mmumunyo mama ukawa 1012, na namba hiyo ikashuka hivi:

| Chupa | Chanzo | Nilichochukua (mL) | Hadi (mL) | Ukolezi (mg/L) |
|---|---|---|---|---|
| A | chumvi | 0.2236 g | 100 | 1012 |
| B | A | 10 | 100 | 101.2 |
| C | B | 10 | 100 | 10.12 |
| S1 | C | 5 | 100 | 0.506 |
| S2 | C | 10 | 100 | 1.012 |
| S3 | C | 20 | 100 | 2.024 |
| S4 | C | 50 | 100 | 5.06 |

Kwenye kompyuta, ikiwa ukolezi wa chanzo uko safu ya C, ulichochukua D na ujazo wa mwisho E, fomula ni moja tu kwa kila mstari wa kuzimua:

```
=C3*D3/E3
```

Angalia pia umbo la jedwali. Mnyororo unakoma kwenye chupa C, halafu chupa nne za kazi zinatoka zote kwa C, kila moja peke yake. Wengi hushuka ngazi moja baada ya nyingine hadi mwisho, nami nilifanya hivyo zamani. Siku hizi sipendi. Kwenye mnyororo, ukikosea ngazi ya pili, zote zilizo chini yake zimeharibika na zinafanana kwa uharibifu. Zikitoka chanzo kimoja kwa kutawanyika, ukikosea S2 ni S2 pekee inayotoka nje ya mstari, na utaiona. Kosa la B au C bado litazipata zote, na hilo halina dawa zaidi ya chupa ya uhakiki ya mkono mwingine. Isitoshe, namba ninayoijali ni 1.5, na sasa nina chupa zinazoizunguka kwa karibu.

Ukilazimika kutumia mnyororo, soma mapengo ya milivolti moja moja badala ya kutazama mstari mzima. Tuseme elektrodi yako hutoa 57 na kwenye hatua moja ulichota mililita 9 badala ya 10. Pengo hilo pekee litakuwa karibu 59.6, na yanayofuata yatarudi 57. Usidanganywe na kurudi huko, kwa maana chupa zote za chini yake zimebaki pungufu kwa asilimia kumi. Mapengo yote yakirefuka kwa pamoja, kama yangu, shuku njia yako ya kujaza. Pengo la mwisho likiwa fupi kidogo, chini ya miligramu 0.1, huenda si kosa lako: huko elektrodi yenyewe huanza kuchoka na kuchelewa kutulia.

Nina kinga nyingine ya gharama ndogo: weka flaski juu ya mizani wakati unazimua. Mililita 10 za maji kwenye nyuzi 25 zinasoma takriban gramu 9.96, na flaski iliyojaa hadi alama, ukitoa uzito wake mtupu, takriban 99.6. Mimumunyo hii ni myepesi kiasi kwamba kuanzia B kwenda chini tofauti yake na maji haionekani. Kama ningepima siku ile, mizani ingenionyesha karibu 110 kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanafunzi. Kabla ya kusoma, tunaongeza TISAB, dawa inayosawazisha pH na kuiachia floraidi iliyoshikwa na alumini au chuma. Kwa aina tunayotumia, ni mililita 25 za dawa kwa mililita 25 za chupa sanifu, na vilevile kwa sampuli. Ukolezi unapungua nusu, ni kweli, lakini unapungua nusu pande zote mbili, kwa hiyo lebo haibadiliki. Ukigawanya kwa mbili upande mmoja tu, umeharibu kila kitu.

Hifadhi chupa hizi kwenye plastiki, kwa kuwa floraidi hushambulia kioo polepole. Flaski ya kioo kwa dakika chache haina neno.

Nilirudia kazi yote mchana uleule, flaski zikiwa zimerudi. Pengo likawa 57.0, chupa ya uhakiki ya fundi mkuu ikasoma 1.01, na kisima kile kikasoma 1.40.