Extra Rinse, Pre Wash, Delay na Quick: nilivyokuja kuvielewa baada ya kuharibu taulo

"Wakuu, nimenunua mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7. Ina vitufe vya Extra Rinse, Pre Wash, Delay na Quick. Jana nilibonyeza vitatu kwa pamoja ikaniandikia masaa matatu na nusu. Kila kimoja ni cha nini, na nikitumie lini? Niko Moshono, Arusha."

Mkuu, karibu. Mimi niko Njiro, na mashine kama yako ninayo mwaka wa nne sasa. Nianze na Extra Rinse, maana hicho ndicho nilichokibonyeza kila siku kwa zaidi ya mwaka bila kujua kwamba nilikuwa natibu ugonjwa niliousababisha mwenyewe.

Extra Rinse inaongeza msuuzo mmoja juu ya ile ambayo mashine inafanya kawaida. Inajaza maji safi, inazungusha, inamwaga. Kwangu inaongeza kama robo saa na ndoo moja ya maji hivi. Haisafishi nguo zaidi, kazi yake ni kutoa sabuni iliyobaki.

Sasa sabuni ilikuwa inabaki kwa nini? Mimi nilihamia hapa kutoka Dar, kwenye nyumba ya maji ya kisima yenye chumvi, ambako unamwaga sabuni kikombe kizima ndipo povu litokee. Nikaja na kipimo kilekile. Maji ya huku miteremko ya Meru ni tofauti kabisa. Tunayalalamikia kwa floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, lakini madini yanayoua povu, kalisi hasa, ni machache sana. Kwa hiyo sabuni kidogo tu inatoa povu jingi, na ikizidi haisuuziki kirahisi. Ukiongeza kosa la pili nililokuwa nalifanya, la kutumia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono badala ya ile iliyoandikwa ni ya mashine, ndiyo mambo yanaharibika. Ya mikono imetengenezwa itoe povu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele nguo husafishika kwa kuinuliwa na kuanguka, na povu likijaa zinaangukia kama kwenye godoro.

Dalili nilizoziona ni hizi: taulo zilikauka ngumu kama gunia, fulana nyeusi zikatoka na michirizi myeupe, na mdogo wangu akawa anajikuna shingoni kwenye kola. Mama mmoja jirani akaniambia, "Hebu chukua hizo taulo zilizokauka, zirudishe kwenye mashine bila sabuni hata chembe, uzifue kwa maji ya digrii 40." Nikafanya. Baada ya dakika kumi nikachungulia kwenye kioo: povu limejaa nusu ya mlango! Taulo "safi", sabuni sijaweka. Nikarudia mara tatu ndipo maji yakatulia.

Kutoka hapo nikanunua unga wa mashine na kushuka kutoka kikombe hadi vijiko vinne vya mezani vya kusawazisha kwa dramu iliyojaa. Extra Rinse sasa naibonyeza kwa vitu vitatu tu: nguo za mtoto mchanga, nguo za mtu mwenye ngozi inayowasha, na vitu vizito vinavyonyonya sana kama taulo na mablanketi. Kwako, fanya jaribio hilo la taulo kwanza. Ukiona povu, punguza sabuni kabla ya kukimbilia kitufe.

Pre Wash ni kufua mara mbili. Mashine inafua kwanza kwa muda mfupi, inamwaga yale maji machafu yote, halafu ndipo inaanza kufua kwenyewe. Ni kwa uchafu wa juujuu, yaani vumbi na tope, sio kwa jasho. Shemeji yangu anaendesha watalii. Akirudi baada ya siku sita porini, kaki zake zimebadilika rangi kwa vumbi. Bila Pre Wash lile vumbi linazunguka na nguo saa nzima na kujipaka upya. Nikitumia Pre Wash, ukiangalia bomba la kutolea maji dakika za mwanzo unaona yanatoka kama chai ya maziwa, na ya awamu ya pili yanatoka yamepauka tu. Tope la masika liache likauke, likung'ute nje, ndipo uingize.

Hapa kuna mtego. Fungua kidroo cha sabuni, utaona vyumba vitatu. Chenye alama ya I ni cha Pre Wash, II ni cha kufua kwenyewe, na chenye ua ni cha dawa ya kulainisha. Ukichagua Pre Wash weka kijiko kimoja kwenye I, na kipimo chako cha kawaida kwenye II. Ile ya II iwe ya unga. Sabuni ya maji haikai pale kusubiri zamu yake. Inateleza taratibu hadi chini na kumwagwa pamoja na maji ya kwanza, kisha nguo zinafuliwa kwa maji matupu. Mashine nyingine zina kibati cha plastiki cha kuizuia ndani ya II. Kama yako inacho, kishushe. Na usipochagua Pre Wash, usiweke chochote kwenye I, utaukuta unga wako umekaa palepale.

Quick ni ya nguo chache zisizo na uchafu: shati la ofisini la siku moja, jezi ya mazoezi uitakayo jioni. Chache maana yake kilo mbili hivi, yaani mashati matano na vitu vidogo. Jinzi moja na taulo mbili tayari zimekaribia hapo. Sabuni weka nusu, kwa sababu misuuzo nayo imepunguzwa. Watu wanajaza dramu, wanabonyeza Quick, halafu wanasema mashine mbovu. Nguo za ndani na mashuka usiziingize huko.

Delay inachelewesha kazi. Kwa wenzetu wa nchi ambazo umeme wa usiku ni wa bei nafuu inaokoa hela, ila LUKU yetu ya nyumbani haibagui usiku na mchana. Mimi naitumia ili nguo ziishe wakati naamka, niziwahi kuzianika. Zikilala mbichi ndani ya dramu zinavunda, na Julai na baridi yetu hii hata kamba haizikomboi. Ujue tu yako inahesabu nini. Nyingine huhesabu hadi kuanza, nyingine hadi kumaliza. Chagua programu ya masaa mawili, kisha bonyeza Delay mara moja: ikianzia 1, inahesabu kuanza, ikikataa chini ya 3, huenda inahesabu kumaliza. Ukilala saa nne usiku na unataka ziishe saa kumi na mbili asubuhi, ya kwanza utaiwekea 6, ya pili 8. Hapa pia tumia unga, kwenye kidroo kikavu usigande, na bomba uliache wazi. Mtaa wenu maji yakikatika usiku, utakuta nguo kavu na mashine inalia.