Hotuba ya kumuaga mwalimu mkuu: slaidi 34 zilivyobaki nne

"Mwalimu mkuu wetu anastaafu na nimechaguliwa kusoma hotuba kwa niaba ya walimu. Ofisi imenipa slaidi za maendeleo ya shule, kila picha ina maelezo yake chini. Nikizisoma moja baada ya nyingine naona watu watasinzia. Nina dakika kumi. Nifanyeje?"

Kazi kama hiyo iliniangukia mimi mwishoni mwa 2023, shule moja ya msingi huku Likoni, Mombasa. Bi Mkubwa wetu alikuwa ametimiza miaka sitini, na alikuwa ametuongoza miaka tisa. Faili niliyokabidhiwa ilikuwa na slaidi 34. Nilipoketi nayo usiku wa kwanza nikaona kitu cha ajabu: jina lake limo mara mbili tu, kwenye slaidi ya kwanza na ya mwisho. Hapo katikati ni "Ujenzi wa vyoo vipya", "Uzinduzi wa tanki la maji", "Kuongezeka kwa madawati". Ungedhani vyoo vilijijenga na madawati yalikuja yenyewe kwa feri. Si kosa la aliyezitengeneza. Zilitungwa kwa ajili ya bodi ya shule, na bodi hutaka kujua kitu gani kilipatikana, si nani alikosa usingizi.

Kwa hiyo usianze kwa kuandika. Chapisha hizo slaidi kwenye karatasi, sita sita kwa ukurasa, uzunguke nazo. Mimi nilikwenda kwa watu watatu: naibu wake, mpishi wetu wa chakula cha mchana, na bawabu aliyekuwepo hata kabla yake. Kila picha niliuliza swali moja tu: siku hii yeye alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini? Picha ambayo wote watatu walikosa la kusema niliitoa, hata kama ni nzuri. Jioni ya pili zilibaki tisa, na kesho yake nikazipunguza hadi nne. Nne zatosha kwa dakika kumi. Mimi nikiwa na maikrofoni husoma maneno kama mia kwa dakika, kwa hiyo niliandika maneno 700, dakika zilizobaki nikaachia vicheko na vigelegele. Ukijaza dakika zote kumi kwa maneno utamaliza ya kumi na nne, na biriani inapoa.

Nikupe mfano wa tanki, kwa sababu ndilo lililonifunza kazi yenyewe. Maelezo chini ya picha yalisema: "Mgeni wa heshima akizindua tanki la maji, 2018." Pichani yuko mgeni na mkasi, utepe, na watoto wakipiga makofi. Bi Mkubwa haonekani, isipokuwa mkono mmoja pembeni ulioshika sinia ya kuwekea mkasi. Bawabu ndiye aliyenionyesha. "Huo mkono wake," akasema, "na saa yake ya mkononi ile ile ya kila siku." Kisha akanieleza habari za kabla ya tanki: maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, hayapikiki, na kila asubuhi kijana wa mkokoteni alileta mitungi ya lita ishirini. Hela za shule zikichelewa, Bi Mkubwa alimlipa kutoka mkobani mwake na kumwambia bawabu asimtajie mtu.

Kwenye hotuba ilikuja hivi: "Tazameni pembeni mwa picha. Mnauona mkono umeshika sinia? Tanki hili lina mgeni aliyelikatia utepe, na tunamshukuru. Lakini kabla ya tanki palikuwa na mkokoteni, na mkokoteni ulilipwa na mkono huo." Basi. Sikutaja kiasi, wala sikusema "kiongozi mwenye moyo wa kujitolea". Hadhira ilijisemea yenyewe.

Hapo umeona kanuni ninayoifuata: maelezo ya picha husema kinachoonekana, hotuba iseme kisichoonekana. Watu wana macho. Ukisoma "hapa tunaona wanafunzi wakipanda miti" wakati wanafunzi na miche wako ukutani, umepoteza pumzi yako na yao.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo utakapoaibika. Lile tanki halikuzinduliwa 2018, ni 2016. Aliyetengeneza slaidi alichukua mwaka kutoka kwenye jina la faili, kitu kama `IMG-20180312-WA0021.jpg`. Hiyo ni tarehe picha ilipofika kwenye simu kupitia wasap, si siku iliyopigwa. Na zile picha za karatasi zenye tarehe ya rangi ya chungwa pembeni nazo usiziamini sana, kwani wengi hawakuweka saa ya kamera sawasawa. Nenda kwenye kitabu cha matukio cha shule na rejista za uandikishaji. Kila mwaka utakaoutamka, uwe umeuona kwa mwandiko wa mtu. Mzazi mmoja akisimama kukusahihisha, hotuba imekwisha hapo.

Kuna slaidi moja niliyoihangaikia zaidi ya zote. Ilikuwa picha ya darasa tupu, chini yake "Athari za korona, 2020". Shule zilifungwa nchi nzima Machi mwaka huo, na Oktoba wakarudi kwanza gredi ya nne na darasa la nane. Naibu akanikumbusha kwamba Bi Mkubwa alimgawia kila mwalimu majina kumi ya darasa la nane, upige simu au uende nyumbani mpaka ujue mtoto yuko wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kumi wangu. Nilieleza hilo, ila sikutaja hata jina moja la ambao hawakurudi, wala sababu zao. Mama zao walikuwa wameketi mstari wa tatu. Pitia pia kila picha ya zamani uone kama yumo aliyefariki. Ukitaka kumtaja, zungumza na watu wake mapema.

Upande wa mitambo sina mengi. Tulijaribu projekta saa moja asubuhi darasani, ikawaka vizuri. Shughuli ikafanyika saa tano chini ya turubali uwanjani, na kwa jua lile la Disemba pazia likawa jeupe kama leso mpya. Walioketi mbele waliona, wa nyuma hawakuona kitu. Kilichoniokoa ni kwamba kila picha nilikuwa nimeieleza kwa maneno yanayojitosheleza. Jaribu pale pale na saa ile ile. Na kama unatumia PowerPoint, bonyeza herufi `B` kufanya skrini iwe nyeusi unapotaka wakutazame wewe. Ukiibonyeza tena, picha inarudi.

Slaidi ya mwisho usiweke "Asante sana" yenye maua. Yangu ilikuwa darasa letu la nane la mwaka huo, ambao walifanya KCPE ya mwisho kabisa nchini, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985. Mpaka hapo nilikuwa nikimzungumzia kwa hadhira, "yeye alifanya, yeye alisema". Nikaifanya skrini kuwa nyeusi, nikamgeukia na kusema "wewe" kwa mara ya kwanza. Sentensi tatu tu, kisha nikaketi.

Aliposhika maikrofoni kujibu, alifuta macho kwa ncha ya leso, akanitazama na kusema: "Mwalimu, mikokoteni ilikuwa miwili."