Wembe haufiki kwenye mzizi

*Swali la wiki: "Mama mkwe anataka mtoto wetu anyolewe kipara akitimiza siku 40. Anasema nywele zitakazoota baadaye zitakuwa nyeusi na zitajaa. Je, ni kweli kunyoa kunafanya nywele ziote haraka na ziwe nene?"*

Hapana, si kweli. Lakini mama mkwe wako hajatunga hadithi. Yeye na wenzake wameona watoto wengi wakinyolewa, na wameona kwa macho yao nywele zikirudi nyeusi na nzito. Walichokiona ni kweli, ila wembe umepewa sifa isiyo yake.

Sehemu ya unywele tunayoiona imekufa. Haina damu wala mshipa wa fahamu, ndiyo maana kinyozi akikata husikii maumivu. Kilicho hai kiko chini ya ngozi, ndani ya kifuko kidogo ambako seli zinagawanyika, zinajaa protini iitwayo keratini, zinakauka na kusukumwa juu. Unene wa unywele unategemea ukubwa wa kifuko hicho, na kasi yake inategemea seli zilizomo. Wembe unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Kule chini hakuna habari yoyote inayofika kwamba juu kumekatwa.

Watu wamelipima jambo hili pia. Mwaka 1928, Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alichunguza ndevu za wanaume wanne walionyoa kwa utaratibu maalumu. Hakuona kunyoa kukiongeza kasi wala unene. Mwaka 1970 watafiti wengine wawili wa huko huko, Lynfield na Macwilliams, waliwachukua vijana watano wenye afya. Kila mmoja alinyoa mguu mmoja tu kila wiki kwa miezi kadhaa, na mguu wa pili ukaachwa. Walipolinganisha uzito, upana na kasi ya ukuaji wa vinyweleo vya miguu yote miwili, hawakupata tofauti inayotokana na wembe. Ni watu wachache, lakini napenda sana jinsi jaribio lilivyopangwa: mguu wa kulia na wa kushoto ni wa mtu yuleyule, una damu ileile na homoni zilezile.

Basi kwa nini mkono unatuambia vingine? Ninafundisha baiolojia sekondari, na somo hili huwa nalifanya kwa darubini. Chukua unywele wa nyusi ambao haujawahi kukatwa, uweke kwenye kioo pamoja na unywele wa kidevu cha mtu aliyenyoa siku tatu zilizopita. Ule wa nyusi unaanza mnene kisha unachongoka taratibu hadi ncha inakuwa nyembamba sana. Ule wa kidevu umekatika butu, kama kipande cha waya. Unapopapasa kidevu kilichonyolewa, vidole havikutani na ncha laini tena, vinakutana na kile kilichokuwa kiuno cha unywele, sehemu yake nene. Haukunenepa. Umepoteza ncha.

Halafu kuna urefu. Kadiri unywele unavyokuwa mfupi, ndivyo unavyokuwa mgumu kupinda, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa unene uleule, urefu ukipungua mara 10, ugumu wa kuusukuma pembeni unaongezeka mara 1,000. Unywele wa sentimita 1 unalala chini ya kidole, lakini wa milimita 1 unasimama na kuchoma. Mwanamke aliyenyoa miguu kwa mara ya kwanza anapogusa siku ya tatu, anasikia michomo asiyowahi kuisikia, na anaamini wembe umemharibu. Akiacha vinyweleo virefuke kama zamani, ugumu ule unaondoka.

Kuhusu haraka, macho yanadanganywa na hesabu. Nywele za kichwani huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, yaani karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, na kwa nywele zetu za Kiafrika wastani uko chini kidogo ya hapo. Kwenye nywele za sentimita 10, nyongeza ya siku tatu haionekani kabisa. Kwenye kichwa kilichonyolewa jana, nyongeza ileile ndiyo kila kitu: kipara kilichokuwa king'aavu kimegeuka cheusi. Kasi ni moja, tofauti ni mahali tunapoanzia kupima.

Sasa turudi kwa mtoto, maana kwake kuna jambo la ziada. Mtoto anazaliwa akiwa na vifuko vyote vya nywele atakavyokuwa navyo. Havipandwi vingine baadaye. Nywele anazokuja nazo ni laini, na nyingi kati ya hizo zimepangwa kudondoka. Za kisogoni mara nyingi huanguka kati ya wiki ya 8 na ya 12, ndiyo maana utaona mtoto ana duara la kipara nyuma ya kichwa na watu wanasema ni mto unaomsugua. Baada ya hapo vifuko hivyohivyo vinaanza kutoa nywele za mzunguko mpya, na vinaendelea kukua, kwa hiyo nywele zinazidi kuwa nene na nyeusi katika miaka miwili ya kwanza. Angalia sasa siku 40 zimeangukia wapi: wiki ya sita, muda mfupi tu kabla ya mabadiliko hayo. Mnyoe, zitakuja nyeusi. Mwache, zitakuja nyeusi vilevile, ila zitachanganyika na za zamani na hakuna atakayeona siku zilipobadilika.

Kwa kijana wa kiume anayeanza kunyoa kidevu, hali ni hiyo hiyo. Homoni za balehe ndizo zinazogeuza laika kuwa ndevu, na hufanya kazi hiyo kwa miaka, iwe ananyoa au hanyoi.

Wapo dada watakaoniambia walikata nywele shuleni miaka minne na ndiyo maana zimejaa. Hapa ipo faida ya kweli, lakini haitoki kwenye mkasi. Kwa miaka hiyo nywele hazikuwekwa dawa ya kulainisha, na hazikuvutwa na misuko ya kubana ambayo hunyofoa nywele za pembeni mwa uso na, ikizidi, huua vifuko vyenyewe. Kukata ncha zilizopasuka nako kunazuia zisikatike zaidi juu, hivyo urefu unabaki. Mzizi unatoa kiasi kilekile.

Kwa hiyo mkimnyoa mtoto kwa ajili ya akika au mila ya nyumbani, mnyoeni kwa sababu hiyo, na muwe na wembe mpya usiotumiwa na mtu mwingine, mkono mwepesi hasa kwenye utosi, na mtoto akiwa ametulia au amelala. Mkiamua kutomnyoa, hamjampunguzia hata unywele mmoja. Jambo la kumpeleka kwa daktari ni mabaka yenye magamba au usaha kichwani, kwa sababu hayo yanaweza kuwa fangasi, na kunyoa peke yake hakuyaponyi.