Kathodi sitapata sodiamu?

“Karatasi ya mazoezi inataka mazao ya kila elektrodi kwa maji ya chumvi iliyokolea. Kathodi nimeandika sodiamu, nimekosa. Kwa nini? Niko kidato cha tatu, Nyamagana.”

Mdogo wangu, umesahau maji. Kwenye beseni hilo hakuna chumvi peke yake, na sodiamu ni mgumu mno kupokea elektroni. Maji yanamtangulia:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Anodi ni klorini:

2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻

Hesabu elektroni: mbili huku, mbili kule. Na⁺ na OH⁻ zinazobaki ndizo NaOH.

Kama una vijiti vya kaboni vya betri kuukuu na betri ya volti 9, jionee. Sisi tulifanyia Kirumba, kwa maji ya ziwa yaliyochujwa na chumvi ya dukani, tukikoroga hadi ikagoma kuyeyuka. Karatasi nyekundu ya litmasi ikageuka bluu kathodi. Kule anodi, karatasi ya bluu ikawa nyekundu kidogo, kisha ikapauka kabisa. Kupauka huko ndiko kunakothibitisha klorini. Fungua madirisha, usiinuse.

Gesi zinapaswa kulingana ujazo, ila klorini utaiona pungufu mwanzoni kwa sababu inayeyuka majini. Usibadilishe milinganyo kwa ajili hiyo.

Soma pia neno “iliyokolea” kwenye swali. Chumvi ikiwa kiduchu, anodi hutoa zaidi oksijeni:

2H₂O → O₂ + 4H⁺ + 4e⁻