Likague bango la duka ukiwa ng'ambo ya barabara, jua likishazama

Mabango mengi hupitishwa mahali pasipofaa: mezani kwa fundi, kwenye kioo cha kompyuta, karibu kiasi cha kuligusa. Hapo kila herufi husomeka na kila rangi hupendeza. Nimechora na kubandika mabango kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nami nilipitisha kazi zangu hivyo hivyo. Siku hizi silipitishi bango kabla sijalitazama kutoka ng'ambo ya barabara, jua likiwa limezama na taa hazijawashwa. Nitaeleza ninavyofanya kwa bango moja nililoombwa kulikagua, kwa sababu lilikuwa na karibu kila kasoro ninayokutana nayo.

Mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule aliniita kwa kuwa wateja walikuwa wakimpigia simu wakiwa upande wa pili wa barabara, wanamwuliza duka liko wapi. Nilipomwuliza simu hizo huja saa ngapi, akajibu, "Jioni." Basi nikamwambia nitakuja alasiri na nitakaa hadi giza liingie.

Bango lilikuwa na upana wa mita 3 na kimo cha sentimita 90, limewekwa juu ya mlango. Rangi ya nyuma ilikuwa bluu iliyokoza. Jina la duka liliandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi za kuungana kama mwandiko wa mkono. Chini yake ilipangwa orodha ya bidhaa saba kwa herufi nyeupe, na chini kabisa namba ya simu ya njano. Theluthi nzima ya kushoto ilichukuliwa na picha ya kitabu kilichofunguliwa.

Kwanza nilipima umbali. Hatua yangu ni sentimita 75, nami huhesabu hatua nikipita kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Kutoka ukuta wa duka hadi njia ya miguu ya upande wa pili nilipata hatua 32, yaani mita 24. Bila namba hii mazungumzo yote kuhusu ukubwa wa herufi ni ya kukisia.

Jicho lenye afya, penye mwanga wa kutosha, hufikia mwisho wa uwezo wake kwenye herufi yenye kimo cha karibu sentimita 1.5 kwa kila mita 10 za umbali. Ndicho kipimo kile kile kinachotumika kwenye chati ya daktari wa macho. Kwa mita 24 mpaka huo ni sentimita 3.5. Lakini hapo mtu husoma herufi moja moja kwa kukodoa macho, na mpita njia hafanyi hivyo kwa ajili ya duka asilolijua. Kwa hiyo kipimo changu cha kazi ni mara mbili ya mpaka huo kwa mchana, na mara mbili tena kwa jioni. Mita 24 zinadai sentimita 7 mchana na 14 jioni, na jina la duka ninalipa zaidi ya hapo kadiri nafasi inavyoruhusu.

Orodha ya bidhaa ilikuwa na herufi za sentimita 4. Namba ya simu, sentimita 5. Jina lilidaiwa kuwa na sentimita 12, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya: zile 12 zilikuwa za herufi kubwa ya kwanza tu. Mwili wa herufi ndogo zilizofuata, zile kama "a" na "n" zisizo na mkia wala shingo, ulikuwa sentimita 6. Pima huo mwili, kwa sababu ndio msomaji anaousoma. Nilipima pia unene wa mstari wa herufi, nikakuta milimita 8. Kwa mita 24 jicho zima haliwezi kupambanua kitu chembamba kuliko milimita 7 hivi, kwa hiyo mistari ya jina lile ilikuwa imesimama ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho. Herufi ya bango inataka unene wa kati ya sehemu moja ya tano na moja ya saba ya kimo chake.

Kisha nikafanya jaribio la kutembea. Unaanza mbali, unasogea taratibu, unaandika umbali ambapo kila mstari unaanza kusomeka bila kukodoa macho. Saa kumi alasiri jina nilikuwa nalisoma kwa shida nikiwa ng'ambo, na orodha niliisoma nilipofika kwenye tuta la katikati ya barabara. Nikarudi ng'ambo, nikasubiri. Karibu na ikweta unapata dakika 20 hivi tangu jua lizame hadi giza lishike, kwa hiyo usichelewe. Dakika ya kumi hivi jina lilikuwa limetoweka. Namba ya simu, yenye herufi ndogo kuliko jina, bado ilionekana kama mstari wa njano. Ili nilisome jina ilinibidi nirudi hadi kwenye lile tuta, yaani nusu ya umbali.

Sababu iko ndani ya jicho. Mchana tunaona kwa seli zinazopokea zaidi mwanga wa njano na kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555. Giza linapoingia, kazi huhamia polepole kwa seli nyingine, ambazo kilele chao kiko karibu na nanomita 507, upande wa bluu, na ambazo hazioni nyekundu karibu kabisa. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliona jambo hili katika karne ya 19 alipokuwa akitazama maua: mekundu yaling'aa mchana, lakini katika mwanga hafifu yalikuwa meusi kuliko majani yake. Barabarani hakuwi giza tupu, jicho hubaki katikati ya hali hizo mbili, lakini katikati hapo panatosha kuizamisha herufi nyekundu. Nyekundu juu ya bluu iliyokoza hupendeza mchana kwa sababu ni rangi mbili tofauti, ila kwa mwangaza hazijaachana sana, na jioni nyekundu hudidimia hadi zote mbili zinakuwa giza moja.

Kwa hiyo ninapokagua rangi siulizi kama zinatofautiana. Nauliza ni ipi nyeupe zaidi na ni kwa kiasi gani. Njia ya haraka ni kulipiga bango picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe: herufi zinazokaribiana na rangi ya nyuma zimeshindwa. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Picha hiyo huionyesha nyekundu kuwa nyeupe kuliko jicho linavyoiona jioni, basi nyekundu ihukumu kwa ukali zaidi. Na usipige picha jioni ukaiamini, maana simu huongeza mwanga yenyewe na kukuonyesha bango ambalo hakuna mpita njia anayeliona.

Duka lile lina shida nyingine ya mahali. Limeelekea mashariki, kwa hiyo jua huzama nyuma yake. Anga juu ya paa linabaki jeupe huku uso wa jengo uko kivulini, na jicho hujipima kwa lile anga. Bango la upande huo huingia gizani mapema kuliko la jirani wa ng'ambo, na ukingo wa paa ukilifunika, mapema zaidi.

Magari nayo yana hesabu yake. Macho yangu yako mita 1.6 kutoka chini. Basi dogo la kimo cha mita 2.5 likipita katikati ya barabara, linanifichia ukuta wa duka hadi mita 3.4. Ukingo wa chini wa bango ulikuwa mita 3.15. Yaani kila basi lilipopita, sentimita 25 za chini zilifutika, na hapo ndipo ilipokaa namba ya simu. Jina liwe juu.

Tulichobadilisha kilikuwa kichache. Mwenye duka alitaka kubaki na bluu yake, nami sikuona sababu ya kumnyima, kwa kuwa bluu iliyokoza hubeba herufi nyeupe vizuri sana. Picha ya kitabu iliondoka. Jina likawa jeupe, herufi za kusimama zisizo na madoido, kimo sentimita 28. Orodha ya bidhaa saba ikawa maneno matatu tu, VITABU KALAMU KUCHAPA, kwa sentimita 14. Namba ya simu ilihamia kwenye kioo cha mlango, kwa sababu mtu huihitaji akiwa pale. Nafasi kati ya herufi niliiongeza kidogo, maana nyeupe juu ya giza huonekana kuvimba na herufi zilizobanana hugandana.

Kabla ya kuchapa tulijaribu kwa karatasi. Bango la mita 3 kwa mita 24 ni sawa na karatasi ya sentimita 30 kwa mita 2.4, kwa hiyo karatasi ya A4 iliyolazwa inatosha karibu kabisa. Ibandike ukutani, zima taa, subiri jioni, simama hatua tatu na kidogo. Na msomaji asiwe mwenye duka. Anayelijua jina halisomi, analikumbuka. Mimi niliweka jina jingine la kubuni lenye idadi ile ile ya herufi, nikamwita mtu aliyekuwa anapita.

Kitu nilichokosea ni mng'ao. Bango lilichapwa kwenye plastiki ya kung'aa, na jioni ya kwanza, nikiwa ng'ambo, niliona doa jeupe limekalia herufi mbili za katikati. Ilikuwa taa ya barabarani iliyo nyuma yangu. Bango lililosimama wima kwenye kimo kile huakisi kitu kilicho mita 5 hadi 6 juu ya njia ya miguu ya ng'ambo, na huko ndiko taa ziliko. Plastiki isiyong'aa ingeliepusha hilo tangu mwanzo. Tulichofanya ni kusukuma ukingo wa juu wa bango mbele kwa sentimita 8, ambazo kwa kimo cha sentimita 90 ni nyuzi 5. Mwinamo huo uliushusha mwakisi kwa nyuzi 10, hadi usawa wa watu na magari, na doa likaondoka.

Taa za kumulika bango zilikuwa kwenye mikono ya sentimita 30, zikiangaza ukingo wa juu tu na kuacha maneno ya chini gizani. Mikono ikarefushwa hadi sentimita 90, sawa na kimo cha bango, na mwanga ukasambaa.

Jioni iliyofuata, kabla taa hazijawashwa, jina lilisomwa mara moja na kila niliyemwuliza ng'ambo. Mstari wa pili ulisomwa na vijana. Mzee mmoja aliona jina, lakini mstari wa pili hakuupata hadi taa zilipowaka, kwa sababu mboni ya uzeeni haipanuki kama ya ujana na lenzi yake huzuia mwanga mwingi zaidi. Kwa hiyo mwenye duka sasa huwasha taa jua linapogusa mapaa, hasubiri giza.